FLAC ya MB 24 yenye sauti ya MP3: masikio yetu yanasikia nini hasa?

Shemeji wangu anaendesha Noah ya Arusha kwenda Moshi, na mwezi uliopita alikuja home na flashi ya GB 16 aliyoingiziwa nyimbo kwenye kibanda kimoja hapa mjini, akaniambia shemeji hizi sio zile MP3 za kawaida, hizi ni FLAC, sikia tofauti, ni mchana na usiku. Alilipa zaidi ya bei ya kawaida kwa sababu aliambiwa ni "kwoliti ya studio". Nikapanda kwenye gari nikasikiliza, na kweli aisee zilikuwa zinapiga kuliko flashi yake ya zamani. Halafu nikaichomeka kwenye laptopu nikaona kitu kingine kabisa. Nitafika huko.

Naandika hii kwa sababu sa hivi ubishi umekuwa mwingi. Apu za muziki zimeweka kitufe kimeandikwa Lossless, vibanda vinauza "FLAC", watu wanauliza kama ina maana kumaliza bando kwa ajili hiyo, na wengi wanaojibu wanachanganya mambo mawili matatu ambayo hayafanani. Mimi nina kastudio kadogo huku Sakina na nimeshinda na mafaili ya sauti miaka mingi, kwa hiyo nitaeleza taratibu kuanzia chini, na nitatumia ile flashi ya shemeji kama mfano mpaka mwisho.

Tuanze na CD, maana ndo kipimo. Ili sauti iingie kwenye kompyuta, mashine inapima ule mtikisiko wa hewa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa namba ya biti 16, na inafanya hivyo upande wa kushoto na upande wa kulia. Zidisha 44,100 mara 16 mara 2 unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, ndo ile 1411 kbps unayoiona kwenye taarifa za faili la WAV, yani sauti ambayo haijabanwa. Dakika moja inakula kama MB 10 na nusu, wimbo wa dakika nne unafika MB 42. Ni mzigo mkubwa, kwa hiyo watu wakatafuta namna ya kuupunguza, na hapo ndo njia zikagawanyika.

Njia ya kwanza ni kupunguza bila kupoteza kitu, ndo maana ya ile lossless, na FLAC ndo maarufu kuliko zote, ilitoka mwaka 2001. Inavyofanya ni kama dereva anayeleta hesabu kwa bosi kila jioni. Badala ya kuandika daftarini 61,000, 59,000, 62,000, mnakubaliana hesabu ya kawaida ni 60,000 halafu unaandika tu imezidi 1, imepungua 1, imezidi 2. Daftari linakuwa jembamba lakini bosi akitaka namba kamili anazipata zote bila kupungua hata shilingi. FLAC nayo inakisia kipimo kinachofuata kutokana na vilivyopita, halafu inaandika tu imekosea kwa kiasi gani. Wimbo wa MB 42 unashuka mpaka kwenye 25 hivi, inategemea na muziki wenyewe, na ukiufungua zinarudi namba zile zile za CD, moja baada ya nyingine.

Njia ya pili ndo ya MP3, iliyotengenezwa Ujerumani na watu wa taasisi ya utafiti ya Fraunhofer wakishirikiana na wengine, na jina lenyewe la .mp3 mwishoni mwa faili lilichaguliwa mwaka 1995. Hii inapoteza, na inapoteza kwa makusudi. Wimbo wa MB 42 kwa 320 kbps unabaki kama MB 9 na nusu, kwa 128 kbps unabaki MB 4 kasoro. Yani kwa 128 unabaki na sehemu moja kati ya kumi na moja ya biti ulizoanza nazo, na bado unasikia wimbo. Inawezekanaje?

Fikiria umesimama karibu na mashine ya kusaga pale Kilombero, rafiki yako anakunong'oneza. Mdomo unauona unacheza, husikii kitu. Ule mnong'ono upo, hewa inatikisika, lakini sikio limefunikwa na ile sauti kubwa. Sikio la binadamu linafanya hivyo muda wote hata kwenye muziki: noti kubwa inafunika noti ndogo zilizo jirani yake, na inafunika zaidi zile zinazokaribiana nayo kwa wembamba au uzito. Hata pigo kali la ngoma linafunika vitu vidogo vinavyofuata kwa sehemu ya sekunde baada ya pigo lenyewe kupita. MP3 imejengwa juu ya udhaifu huu. Inakata wimbo vipande vifupi sana, inagawanya kila kipande kwenye sauti nene mpaka nyembamba, inapiga hesabu nini kimefunikwa na nini, halafu kile kilichofunikwa inakiandika kwa makadirio au haikiandiki kabisa.

Mfano mzuri ninaoupenda ni ndizi za mtori. Ukinunua mkungu pale Mbuyuni ukaupanga vizuri kwenye gunia ukafika nao nyumbani mzima, hiyo ni FLAC. Ukizimenya hapo hapo sokoni ili zikae kwenye kapu dogo, hiyo ni MP3. Umetupa maganda, na maganda ulikuwa huyali, kwa hiyo kwenye sufuria mtori ni ule ule. Ila kuna mambo matatu. Kisu kikienda ndani sana kinaondoka na nyama ya ndizi. Ukizimenya tena zilizokwisha kumenywa, hakuna maganda, unakata nyama tupu. Na ukizichukua zilizomenywa ukazirudisha kwenye gunia kubwa, maganda hayaoti tena. Hayo matatu ndo karibu kila kitu unachohitaji kujua, na flashi ya shemeji ilikuwa na yote.

Kabla hatujaifungua nitoe kwanza mchanganyo mmoja njiani. Mafundi wa studio wanaposema "kompresi" mara nyingi wanazungumzia kubana sauti ili sehemu ndogo zisikike na kubwa zisirukeruke, hiyo ni kazi ya kumiksi na haihusiani na ukubwa wa faili. Wimbo unaweza kubanwa hivyo mpaka ukachosha masikio halafu ukahifadhiwa kwenye FLAC, na FLAC itakutunzia ule uchovu wote vizuri kabisa.

Sasa flashi. Nilifungua mafaili kwenye programu ya bure inaitwa Spek, ambayo inachora picha ya wimbo: kushoto kwenda kulia ni muda, chini kwenda juu ni sauti nene kwenda nyembamba mpaka 22 kHz, yani mitikisiko elfu 22 kwa sekunde, na rangi ndo nguvu. Wimbo uliotoka kwenye CD kwa kawaida unaonyesha rangi inayopanda na kufifia taratibu kuelekea juu, mara nyingi mpaka 20 na kitu. Wa shemeji ulipanda vizuri mpaka 16 kHz halafu ukakatwa kama umepigwa rula, juu yake giza tupu, mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa kumi, hivyo hivyo. Ule ukuta wa 16 ni alama ya kawaida ya faili lililowahi kupita kwenye 128 kbps, kwa sababu ikiwa na biti chache mashine inaona bora iache kabisa zile sauti nyembamba za juu ili biti zitumike chini ambako ndo kuna uimbaji. Kwa 320 ukuta unakuwa karibu na 20. Kwa hiyo faili lilikuwa limeandikwa FLAC, lina MB 24, na ndani yake kuna MP3 ya 128. Ndizi zilizomenywa zimerudishwa kwenye gunia.

Hapa lazima niseme mpaka wa hiki kipimo, maana nimeona watu wanakitumia kuhukumu kila kitu. Nyimbo za zamani zilizorekodiwa kwenye tepu, kama zile za enzi za Redio Tanzania, nazo hazina mambo mengi huko juu, ila zenyewe zinafifia kama moshi, hazina ukuta. Na kuna fomati mpya kama Opus ambazo zinapoteza lakini zinajaza picha mpaka 20 kHz, kwa hiyo picha nzuri haithibitishi kuwa faili ni safi. Picha yenye ukuta ndo inakupa sababu nzito ya kushuku. Na ukipiga kipimo cha FLAC yenyewe kwa kuandika

```
flac -t wimbo.flac
```

itakujibu ok, na watu wanafurahi, lakini hiyo ok inamaanisha tu faili halijaharibika tangu lilipotengenezwa. Haijui ndizi zilimenywa lini.

Swali likabaki: kama ni MP3 ya 128, kwa nini shemeji alisikia mchana na usiku, na mimi mwenyewe nilikubali? Nilizifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikaweka wimbo mmoja wa flashi mpya chini ya ule ule wa flashi ya zamani. Mpya ilikuwa imeongezwa sauti. Mawimbi yamejaa mpaka juu, vichwa vimekatwa bapa. Ilikuwa kubwa kwa desibeli kama 3. Na hili ndo jambo linalodanganya watu wengi kuliko yote kwenye ubishi huu: sikio likipewa vitu viwili vinavyofanana na kimoja kina sauti kubwa kidogo, halikuambii "hiki ni kikubwa", linakuambia "hiki ni kizuri". Hata desibeli moja, ambayo usingeitambua kama volyumu, inatosha kukufanya useme besi imejaa na sauti imefunguka. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuambia nimelinganisha FLAC na MP3 nikasikia tofauti, swali la kwanza ni je volyumu zilikuwa sawa kabisa, na la pili ni je alikuwa anajua ipi ni ipi.

Kwa hiyo nikamwambia shemeji njoo Jumapili tupime kiukweli. Kulikuwa na CD ya kwaya moja ya Moshi ambayo walikuwa wameniletea kwa kazi nyingine, imerekodiwa vizuri, ina kayamba na makofi mwanzo mwisho, na hivyo ni vitu vinavyoitesa MP3. Nikatoa wimbo kwenye CD kama WAV, nikatengeneza nakala za MP3 kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i asili.wav -b:a 128k w128.mp3
ffmpeg -i asili.wav -b:a 320k w320.mp3
```

Volyumu hapo haiguswi. Tukatumia programu ya kupigia muziki inaitwa foobar2000 na nyongeza yake ya ABX, hedfoni za waya, dirisha limefungwa. ABX ni hivi: unapewa A ambayo unajua ni asili, B ambayo unajua ni MP3, halafu X ambayo kompyuta imechagua kwa siri kati ya hizo mbili, kazi yako ni kusema X ni A au ni B. Unaruhusiwa kurudia sekunde zile zile hata mara ishirini. Unafanya raundi 16. Anayebahatisha tu atapata kama 8, na kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu ni chini ya mara 4 katika majaribio 100, kwa hiyo tukakubaliana 12 ndo mpaka wa kusema umesikia.

Tukaanza na 128, shemeji akapata 9. Alishangaa sana, kwa sababu alikuwa anahisi kabisa anasikia, kila raundi alijibu kwa uhakika. Nikamwambia usisikilize wimbo mzima, acha besi, acha waimbaji, sikiliza kayamba peke yake kwenye zile sekunde nne kabla ya kiitikio. Kayamba halisi ni mbegu, kila mbegu inagonga kivyake, unasikia chembe chembe. Kwenye 128 zile chembe zinashikana, inakuwa kama maji yanayokaribia kuchemka, shhh inayozunguka zunguka. Na makofi yanapoteza ncha, kwa sababu MP3 inafanya kazi kwa vipande, na uchafu wa makadirio unatandazwa kwenye kipande kizima, kwa hiyo kofi likiangukia katikati ya kipande kuna kaukungu kanasikika kidogo KABLA ya kofi lenyewe. Kitu kinachofuata pigo sikio linafunika vizuri, kinachotangulia pigo halifuniki sana. Mashine inajaribu kutumia vipande vifupi zaidi ikiona pigo linakuja, lakini kwa 128 biti hazitoshi kufanya vyote.

Baada ya kuonyeshwa hapo shemeji akarudia, akapata 13. Mimi nilipata 14. Kwa hiyo jibu la 128 ni ndiyo, inasikika, ila kwenye vifaa vizuri, kwenye sauti ngumu kama kayamba, matoazi, makofi na herufi "s" za muimbaji, na mara nyingi mpaka ujue pa kusikiliza. Ukishajua huwezi kusahau, na hilo nalo lina hasara zake. Ukishuka 64 kbps hapo hata anayepita mlangoni anasikia.

Tukaenda 320. Shemeji alipata 7, mimi 9. Nilirudia kesho yake asubuhi masikio yakiwa yamepumzika, kayamba ile ile, nikapata tena 9. Nilikuwa naitafuta tofauti kwa nguvu zangu zote na ninaijua ile rekodi. Haipo. Si kwamba mafaili yanafanana, hayafanani: ukiyaweka yote mawili Audacity, ukayapanga yaanze pamoja kabisa, ukageuza moja kichwa chini ukayajumlisha, kinachobaki kinasikika, kuna vishindo na mchakarisho fulani. Wapo wanaoweka hicho kipande mtandaoni wakisema oneni MP3 inachowaibia. Ila hicho ni ganda, unalisikia kwa sababu umeliweka peke yake mezani, ukilirudisha ndani ya wimbo linafunikwa tena, na ndivyo lilivyochaguliwa. FLAC ukiifanyia jaribio hilo hilo kinachobaki ni kimya, mstari umenyooka, sifuri.

Wapo watu waliofunzwa ambao kwenye rekodi chache mahususi wanaweza kuipata hata 320, siwezi kusema hakuna. Lakini mtu wa kawaida, wimbo wa kawaida, kuanzia 256 kwenda juu na ikitengenezwa na programu nzuri ya siku hizi kama LAME, naamini hasikii, na akisema anasikia namkaribisha kwenye kile kiti. Nasema programu nzuri ya siku hizi kwa sababu 128 ya miaka ya tisini mwishoni ilikuwa mbaya kuliko 128 ya leo, hesabu za kuamua nini kimefunikwa zimeboreshwa sana, na sehemu ya chuki ya watu kwa MP3 inatoka enzi zile.

Na zile zinazozidi CD, za biti 24 na 192 kHz? Hapa nitapita haraka. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinabeba sauti mpaka karibu 22 kHz, na sikio zima la kijana linaishia kwenye 20, la mtu mzima linashuka chini ya hapo kadiri umri unavyokwenda. Biti 24 zina kazi nzuri studioni wakati wa kurekodi, zinakupa nafasi ya kukosea. Kwa kusikiliza, mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio kwenye jarida la Audio Engineering Society, walilinganisha rekodi za kiwango cha juu na zile zile zikipitishwa kwenye kiwango cha CD, na kati ya majaribio 554 majibu sahihi yalikuwa 276. Ni kama kurusha shilingi.

Jaribio la mwisho siku ile ndo lilikuwa la maana zaidi kwangu. Nilijiuliza ile flashi ilipita wapi hasa. Mara nyingi wimbo wa kibandani umeshushwa YouTube, na pale YouTube mtu aliupandisha akiwa na MP3 aliyorushiwa, na YouTube yenyewe inaubana tena kila unapopandishwa. Nikaiga hiyo safari: CD kwenda MP3 ya 128, hiyo kwenda AAC ya 128, fomati nyingine inayopoteza, hiyo kwenda MP3 ya 128 tena, halafu mwisho ikavalishwa FLAC. Shemeji alipata 16 kwa 16, na hakuchukua hata dakika tano. Kayamba ilikuwa imeyeyuka kabisa, makofi kama karatasi inayokunjwa. Kila hatua inamenya upya bila kujua kuwa ya kwanza ilishamenya, na uchafu wa hatua ya kwanza inaupa biti kama vile ni muziki. Kwa hiyo wanaolalamika kuwa MP3 ni mbaya wanasikia kitu cha kweli. Ila ubaya wenyewe ni kumenywa mara tatu nne.

Hapo kuna imani moja niisahihishe. Watu wanasema wimbo ukirushwa simu kwa simu mara nyingi unachoka. Hapana. Kunakili faili, iwe kwa waya, flashi au kulituma kwa Bluetooth, hakubadilishi hata biti moja, ukilituma mara elfu linafika vile vile. Linachoka pale tu linapofunguliwa na kubanwa upya. Na hapo hapo usichanganye kutuma faili kwa Bluetooth na kupiga muziki kwenye spika ya Bluetooth, maana ni vitu viwili. Ukipiga muziki, simu inaufungua wimbo halafu inaubana tena papo hapo ili upite hewani, na njia ya kawaida ya Bluetooth, inayoitwa SBC, kwa kawaida inaishia kama 328 kbps. Kwa hiyo mtu amewasha kitufe cha Lossless, bando linaondoka, halafu anasikilizia spika ya Bluetooth au zile iafoni zisizo na waya, kinachomfikia sikioni kimeshapotezwa njiani karibu katika kila kifaa kinachouzwa huku. Saa moja ya muziki kwa 320 ni kama MB 144. Kwa lossless ya kiwango cha CD inafika karibu 380. Shemeji alipiga hesabu ya safari ya kwenda Moshi na kurudi akazima kile kitufe mwenyewe, akaweka kwenye kiwango cha juu kinachofuata, maana kwenye Noah kuna injini, kuna upepo wa dirishani na abiria wanaongea, na huo mngurumo unafunika mengi kuliko MP3 yoyote.

Sasa lossless ni ya nini kama haisikiki? Hapa nirudi kwenye ile kwaya. Walikuja kwa sababu wanataka kutoa upya albamu yao ya zamani, sauti isafishwe na iwe na nguvu kidogo. Kila mwanakwaya alikuwa na nyimbo kwenye simu, zote MP3, nyingine 128, nyingine zimepita kule kwenye safari niliyoieleza. Ukichukua MP3 ukaanza kuinyanyua sauti nyembamba, kuigusa besi, kuibana, unaharibu ile hesabu ya kufunika: kilichokuwa kimefichwa chini ya kayamba sasa umekivuta juu, kinasikika. Faili lililokuwa linapita vizuri sikioni linaanza kuchakarisha mara tu fundi akiligusa. Na ukimaliza lazima ulibane tena ndo lifike kwa watu. Fundi anahitaji maganda. Ndo maana nashikilia kwamba kila mwenye rekodi yake, kwaya, msanii, chalii anayerap chumbani, ahifadhi WAV au FLAC ya kazi yake, na prodyuza akikupa MP3 tu mdai na hiyo WAV au FLAC kabla hujaondoka studioni, kwa sababu miaka kumi baadaye kompyuta yake itakuwa imekufa.

Mama katibu wa kwaya alikwenda kupekua kabati la vitabu vya nyimbo akapata CD moja kwenye bahasha, ndo ile tuliyopimia. Ilikuwa na mikwaruzo. Nyimbo tisa zilitoka safi, nimezisoma mara mbili na namba zikafanana, nikazihifadhi FLAC kwenye diski mbili, moja ninayo mimi na moja ipo kwao Moshi. Tatu zilikataa kabisa, kila nikisoma zinatoka tofauti na zinarukaruka. Kwa hizo tatu tumekusanya simu za wanakwaya tukatafuta nakala iliyopita mikono michache zaidi, tukapata 192 kbps kwa mzee mmoja wa besi ambaye aliihamisha moja kwa moja kutoka kwenye CD ikiwa mpya. Nimeziweka kwenye folda yake, zikiwa MP3 vile vile nilivyozikuta, na kwenye jina la kila faili nimeandika zimetoka wapi.